Maziwa ya Wageni

Mpaka leo nikikaribishwa mahali nikaletewa chai ya maziwa, jicho langu haliendi kwenye kikombe. Linapita mlangoni kwenda ndani, kutazama kama nyumba hiyo ina mtoto mdogo. Nikimwona mtoto, na hasa akiwa mwembamba, nasema mimi naomba chai ya rangi, ile ambayo sisi tunaiita mkandaa, na siongezi neno. Watu hudhani daktari amenikataza maziwa. Waache wadhani hivyo, maana nikianza kueleza hasira itapanda, na nikiwa na hasira sijui kunyamaza.

Nyumba yetu iko Bagamoyo mjini, kwenye vichochoro vya nyuma, na kwa miaka mingi nimekuwa nikipika vitumbua barazani asubuhi. Mwanangu wa kiume ni fundi ujenzi. Kazi zake nyingi ziko Mapinga, kwa watu wa Dar wanaonunua viwanja na kutaka nyumba zao ziishe jana, kwa hiyo hulala huko huko na kurudi Alhamisi jioni. Mkewe anaishi na mimi. Ni binti wa bara kidogo, kutoka vijiji vya njia ya Chalinze, mpole mpaka mtu husahau kwamba yumo chumbani. Nilipata kumsifu kwa upole huo mbele za watu. Sasa sina hakika kama ilikuwa sifa.

Mwaka huo ninaousimulia walikuwa na mtoto mmoja tu, wa kike, mwaka mmoja na miezi mitatu. Wakati wa masika alihara karibu wiki mbili. Kuhara kukakoma, lakini mtoto hakurudi alivyokuwa. Mashavu yalibonyea, mapaja yakawa na ngozi ya ziada, na akawa mtu wa kulia kidogo kidogo mchana kutwa, kilio ambacho hakina nguvu hata ya kukuudhi. Uji alikuwa akinywa. Tena nilikuwa nikisema kwa majivuno kwamba mjukuu wangu hakatai uji, anamaliza bakuli. Sikuuliza ndani ya bakuli mlikuwa na nini zaidi ya maji ya moto na unga kiasi cha kuyatia rangi.

Tulimpeleka kliniki mimi na mama yake. Nesi alimning'iniza kwenye mizani, mtoto akajikunyata humo ndani kama kuku aliyelowa, na mshale ukasimama kwenye kilo saba na gramu mia. Akamzungushia mkononi utepe wa kupimia unene, ukaonyesha njano, hatua moja kabla ya nyekundu. Kisha akafungua kadi, akatia nukta, akatugeuzia tuone. Nukta ilikuwa imetoka kwenye kijani, imeangukia kwenye kijivu. Alituambia bila kuzungukazunguka: hatumlazi leo kwa sababu hana homa, hajavimba miguu na bado ana hamu ya kula. Lakini mrudi baada ya wiki mbili, na kama uzito haujapanda nitaandika barua ya kwenda hospitali, alazwe.

Nesi yule alikuwa msichana mdogo kwangu, alinipa shikamoo yake kwanza, nikaitikia marahaba, ndipo akaanza kutufundisha. Nitasema haki yake, alifundisha vizuri. Alimwambia mama aendelee kunyonyesha. Alisema tumbo la mtoto ni dogo kama ngumi yake, ukilijaza maji halina nafasi tena ya chakula. Uji uwe mzito kiasi kwamba ukiuchota kwa kijiko ukakiinamisha, ushuke polepole, usitiririke. Tutie kijiko kidogo cha karanga zilizosagwa au cha mafuta. Mara nyingine tumpe yai, dagaa waliosagwa, maharage yaliyopondwa. Na kama tunaweza kupata maziwa ya unga, yale ya maziwa yenyewe na si ya kung'arishia chai, basi kijiko kimoja cha kulia chakula kwa kila bakuli, asubuhi na jioni.

Kuhusu kuyatia alikuwa na utaratibu wake. Usiyachemshe pamoja na uji tangu mwanzo, maana yataungulia chini ya sufuria. Uji uive kabisa, uepue, utulie. Maziwa uyakoroge pembeni kwenye kikombe kwa maji kidogo yaliyochemshwa yakapoa, mpaka yawe laini bila mabonge, ndipo uyamimine kwenye bakuli la mtoto, si kwenye sufuria ya watu wote. Kijiko kinachoingia kwenye kopo kiwe kikavu. Mtoto alishwe kwa kijiko, asipewe chupa. Mkwe wangu alikuwa akisikiliza huku midomo yake ikicheza, akiyarudia maneno kimoyomoyo ili asisahau hata moja.

Alhamisi mwanangu alirudi na pakiti ya robo kilo ya maziwa hayo. Niliimimina kwenye kopo la bati lenye mfuniko wa kubana, na kwa kuwa nyumba ni yangu na kabati ni langu, nikaliweka kwenye kabati langu la vyombo. Tulipiga hesabu na mkwe. Vijiko thelathini na kidogo, viwili kila siku, tungefika siku ya kliniki bila kupungukiwa. Nikamwambia mwanangu alale usingizi, mtoto atanenepa, mimi nipo.

Siku tatu za kwanza mambo yalikwenda sawasawa. Nilikuwa natoka barazani na mikono ya mafuta kuja kuangalia. Mkwe alipika uji wa dona mzito, akaepua, akakoroga maziwa kwenye kikombe, akamimina, akatia karanga. Mtoto alikula polepole, mara mbili akageuza uso, mara ya tatu akafungua mdomo. Siku ya tatu alimaliza na kulishika bakuli lenyewe. Nilicheka peke yangu.

Halafu wakaja wageni.

Kwetu mtu akiugua huja watu kumtazama, na hilo ni jambo jema, silitukani. Habari za mtoto zilikuwa zimezunguka mtaani tangu siku tuliyotoka kliniki. Alikuja kwanza jirani yangu wa mlango wa pili, shoga yangu tangu tuko chuoni tukisoma juzuu, na wenzake wanne wa kikundi chetu cha maulidi. Wakapiga hodi, wakavua viatu, wakakaa mkekani, wakamwita mtoto wamwone. Na mimi nikafanya nilivyofunzwa na mama yangu, naye alifunzwa na mama yake: mgeni wa heshima hapewi mkandaa. Nyumba yenye maziwa kabatini ikimpa mgeni chai ya rangi, mgeni atakwenda kusema, na atakuwa na haki ya kusema.

Nilimwita mkwe wangu, nikamwambia ainjike birika. Akainjika. Nikafungua kabati mwenyewe, nikatoa kopo, nikamkabidhi, na nikamwambia mbele ya wageni, kwa sauti ya kujionyesha, asifanye uchoyo. Vijiko sita viliingia kwenye birika lile. Sita. Siku tatu za mtoto. Sikuvihesabu wakati ule, nilivihesabu baadaye, na nimeendelea kuvihesabu mpaka sasa.

Shoga yangu alikunywa vikombe viwili. Cha pili alisema kimekolea rangi, akaomba kiongezwe maziwa kidogo. Na huku amekishika kikombe mkononi, mtoto mwenyewe amepakatwa na mama yake hatua mbili kutoka hapo, akaniinamia akanong'ona ile nong'ono inayosikika chumba kizima:

"Shoga, huyu mtoto kabemendwa. Kliniki hawana dawa ya hayo."

Nieleze neno hilo kwa asiyelijua. Kwetu mtoto anayenyonya akidhoofu, wako watakaosema kabemendwa. Maana yake baba au mama ametoka nje ya ndoa wakati mtoto yuko titini, au hawakusubiri kama walivyotakiwa kusubiri, na uchafu wa jambo hilo umemwingia mtoto. Hakuna anayeulizwa ameona nini. Mwili wa mtoto ndio ushahidi. Na ingawa wanasema baba au mama, sijapata kuona jicho likimtafuta baba. Kila jicho chumbani mle lilikwenda kwa mkwe wangu, binti ambaye mumewe halali nyumbani siku tano kwa wiki, na yeye akavuta khanga akamfunika mtoto wake mpaka miguuni.

Na mimi nilifanya nini? Hapa ndipo ninapojichukia. Nilisema, "Mungu anajua," nikawauliza kama wanataka kitumbua.

Maneno yale mawili yalitosha kuwa mbegu. Wiki iliyofuata walikuja wengine, wake wa upande wa msikitini, wamesikia. Birika likainjikwa tena. Siku mbili baadaye akaja wifi yangu na binti zake wawili, wametoka Dar, hao ndio kabisa, huwezi kumtolea wifi mkandaa labda umekusudia ugomvi wa miaka. Kila kundi lilikuja kumhurumia mtoto, na kila kundi liliyanywa maziwa yake likimtazama. Likisema amekonda. Likimaliza kikombe na kutikisa kichwa. Kuna mmoja alinipa jina la mganga wa huko bara, anayeosha watoto kwa mizizi, akanieleza na nauli yake. Nikamshukuru. Nilikuwa mwingi wa shukrani siku zile.

Uji wa mtoto nao nilikuwa nikiuona kila siku, mweupe. Niliridhika na weupe. Sikujua kwamba maziwa kidogo sana yanatosha kuufanya uji uwe mweupe na bado usiwe na kitu. Bakuli lilikuwa limejaa, mtoto alikuwa anamaliza, na mimi nilirudi kwenye kikaango changu. Mimi, ambaye natambua rojo la vitumbua kuwa jepesi kwa kulisikia tu likidondoka, sikuinama hata mara moja kuutazama uji wa mjukuu wangu unavyodondoka kijikoni.

Siku ya kliniki tulikwenda wote wawili tena. Nesi alikuwa amewaagiza mama wenye watoto wa kijivu waje na bakuli na kijiko wanavyotumia nyumbani, na mkwe alivifunga kwenye kitambaa. Benchi lilikuwa limejaa. Mtoto akaning'inizwa. Mshale ukasimama pale pale, kilo saba na gramu mia, kama vile wiki mbili hazikupita. Nesi alipomaliza kuchora, ule mstari kati ya nukta mbili ulilala chali.

Akauliza kama mtoto alihara tena. Hapana. Homa? Hapana. Anakula? Anamaliza. Maziwa mlipata? Tulipata. Basi akaomba kuona kijiko. Mkwe akafungua kitambaa, akatoa kijiko cha kukorogea chai.

Nakumbuka niligeuka kwenye benchi nikamkabili mbele ya mama wenzake wote, nikamwambia aliambiwa kijiko cha kulia, nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu, na yeye anamfanyia mtoto uvivu, anambania mtoto wake mwenyewe. Nilisema zaidi ya hayo. Nesi akaniomba nipunguze sauti, sikupunguza. Akamgeukia mkwe akamuuliza, na yeye kwa ukali kidogo, kwa nini alibadilisha kijiko, na kwa nini uji ulikuwa mwepesi, maana bakuli lenyewe lilikuwa na mabaki membamba ya uji yaliyokaukia pembeni. Mkwe akasema ni kosa lake. Akasema hakuelewa vizuri. Nesi akaanza kuandika barua ya hospitali.

Mimi nilijua kwamba alielewa. Nilimwona akiyarudia maneno kwa midomo. Nikamuuliza tena, safari hii kwa sauti ndogo: kama ulielewa, kwa nini?

Alikuwa anamfunga mtoto nepi, hakuniangalia.

"Kopo lilikuwa linashuka, mama," alisema. "Nikaona niyavute yafike leo."

Hakusema zaidi, wala hakutaja wageni. Hakusema ni wewe uliyelitoa kabatini na kunikabidhi na kuniambia nisifanye uchoyo. Angeweza kusema, pale mbele ya watu niliokuwa nimemdhalilisha mbele yao, na hakuna ambaye angemlaumu. Aliyaona maziwa ya mtoto wake yakienda kwenye birika mara tatu, vijiko kumi na nane, kila mara akiwa ndiye anayeyakoroga kwa mkono wake. Kilichobaki akakigawa kwa siku zilizobaki, kijiko kikubwa kikawa kidogo, na uji akauongeza maji ili bakuli lijae na mimi nisiulize. Alikuwa ananifichia mimi aibu ya kupungukiwa ndani ya nyumba yangu.

Kisha nikamwambia nesi aweke kalamu chini.

"Maziwa hayakubaniwa mtoto na huyu," nilisema, na nilisema kwa sauti ile ile niliyomtukania, ili waliosikia lile walisikie na hili. "Maziwa yamenyweka kwenye chai. Niliwapa wageni wangu. Mimi."

Mwanamke mmoja mwishoni mwa benchi aliinamisha kichwa, akaanza kupanga upya vitu kwenye kikapu chake. Sijui alikuwa anawaza nini. Labda alikuwa na wageni wake.

Nesi hakunifokea, na nadhani ningependa anifokee. Alimtazama mtoto tena, akambonyeza miguu, akamrudishia utepe mkononi. Ulikuwa bado kwenye njano, haujaingia nyekundu. Akasema barua ataiweka kwenye faili. Anatupa wiki mbili nyingine, lakini mtoto aletwe kila wiki na si mwisho wa wiki ya pili, na akikataa kula au akishuka hata gramu mia barua inatoka siku hiyo hiyo. Akauliza ni nani nyumbani anayeshika kopo. Nikasema tangu leo ni mama yake.

Njiani tulipita dukani nikanunua pakiti nyingine, mwenye duka akanionyesha kwanza ile ya kung'arishia chai, kwamba ni rahisi na inang'arisha zaidi. Nilimjibu vibaya, maskini, hakuwa na kosa. Tulipofika nyumbani nilimpa mkwe ufunguo wa kabati. Alinikatalia mara mbili, kwa adabu, akisema si mahali pake. Mara ya tatu nilimwekea mkononi nikamfumba vidole. Kisha nikaingia chumbani nikakaa kitandani nikalia kwa hasira, kwa sababu kuna kulia kwa huzuni na kuna kulia kwa hasira, na huku kwa pili hakukutulizi.

Nilikuwa na hasira na shoga yangu, lakini yeye alikuwa ameketi tu na kunywa alichopewa. Nilikuwa na hasira na heshima yetu yenyewe, heshima inayoona aibu mgeni kunywa mkandaa, na haioni aibu mtoto wa nyumba kunyweshwa maji. Ninaipenda heshima hiyo, imenilea. Lakini kuna siku inakaa mlangoni na baibui lake safi, inaangalia wanaoingia tu, na haigeuki nyuma kuona aliyemo ndani. Na lile neno, kubemendwa. Tulimtafutia mtoto dhambi ya mama yake wakati dhambi ilikuwa kwenye birika, inatoa mvuke, na sote tumeizunguka.

Mwanangu aliporudi nilimweleza yote mwenyewe. Aliniangalia, akamwangalia mkewe, akatoka nje kuosha miguu. Alikaa bombani muda mrefu kuliko miguu inavyohitaji.

Walikuja tena, bila shaka walikuja. Siku ya tano baada ya kliniki shoga yangu alipiga hodi na wenzake wawili. Nikawakaribisha kwa furaha, nikawatandikia mkeka mzuri, nikawaletea vitumbua vya moto. Kisha nikaleta birika la mkandaa. Nilitia tangawizi na hiliki nyingi, sukari ya kutosha, ilikuwa chai nzuri, na sitaki mtu aseme niliwanyanyasa. Shoga yangu alikitazama kikombe chake muda. Akauliza, kwa utani wake, kama siku hizi maziwa yameadimika Bagamoyo. Nikamjibu kwamba yapo, kabatini, na ufunguo anao mkwe wangu, na ni dawa ya mtoto. Akacheka kidogo akitegemea nami nicheke. Mwenzake mmoja akasema haraka kwamba hiliki imekolea vizuri.

Ndani tulikuwa tunamsikia mkwe akigonga kikombe kwa kijiko, akiyalainisha maziwa yasiwe na mabonge. Sauti ndogo, ting, ting, ting. Sote tuliisikiliza, tukanywa chai yetu.

Hawakuja tena kwa wingi baada ya hapo. Maneno yalizunguka mtaani kwamba nimebadilika, kwamba mkwe amenishika, amenichukulia ufunguo. Wengine waliongeza kwamba binti za bara wana mambo. Niliyasikia yote kwenye baraza langu nikigeuza vitumbua, kutoka kwa watu waliokuja kununua. Nikawauzia, nikawarudishia chenji yao.

Wiki ya kwanza mshale ulipanda kidogo mno, nesi akasema ni mwanzo, tusilegee. Wiki ya pili mtoto alipigapiga miguu ndani ya mizani mpaka nesi akamsubiri atulie ndipo asome. Kilo saba na gramu mia nne. Bado ilikuwa kijivu, nesi alisisitiza hilo, bado tuna kazi, lakini mstari alioutia kwenye kadi ulikuwa umeinuka, unaelekea kwenye kijani. Aliichukua ile barua kwenye faili, akaichana vipande viwili. Mkwe wangu aliiomba kadi aishike yeye mwenyewe njia nzima ya kurudi. Aliishika imefunguliwa, kwa mikono miwili, kwa hiyo mtoto nilimbeba mimi, na niliyasikia yale mapaja yakinisukuma ubavuni.

Shoga yangu alikuwa ameketi mlangoni kwake, anachambua mchele kwenye ungo. Nilimpa salamu, akaitikia. Alimtazama mtoto, akaweka ungo chini. Akanyoosha mkono akamshika shavu, kwa upendo, maana hata yeye anampenda, sitamnyima hilo. Mtoto akajivuta akacheka. Shoga yangu akageuka akamtazama mkwe wangu na ile kadi iliyofunguliwa, kisha akanisogelea sikioni kama siku ile, na akasema kwa nong'ono yake ile ile kwamba amefurahi tulimsikiliza. Akauliza ni mganga yupi tuliyekwenda kwake, yule wa bara au mwingine, na dawa tumeitoa wapi.

Nilimwambia kwa sauti ya kawaida, ili mkwe wangu asikie.

"Kwenye kikombe chako, shoga."